Jina Kwanza, Jukwaa Baadaye

Kila blogu ina sehemu mbili ambazo anayeanza huziona kama moja. Ya kwanza ni anwani, yaani jina ambalo msomaji huliandika kwenye kivinjari ili afike. Ya pili ni jukwaa, yaani programu na seva zinazotunza makala, picha na maoni ya wasomaji. Anayefungua blogu ya bure hupewa vyote viwili kwa mkupuo, ndani ya dakika chache, na ndiyo sababu havioni tofauti. Akijisajili Blogger hupata anwani inayoishia na blogspot.com, akijisajili WordPress.com hupata inayoishia na wordpress.com. Makala anazoandika ni zake, naye anaweza kuzipakua na kuondoka nazo siku yoyote. Anwani si yake. Ile sehemu ya mwisho ni mali ya kampuni, na mwandishi akihama haiwezi kumfuata.

Tofauti hiyo haina uzito mwezi wa kwanza, blogu ikiwa na makala tatu na wasomaji ambao ni ndugu na marafiki. Uzito wake huonekana baada ya miaka mitatu au minne. Kufikia hapo viungo vya blogu vimeshatawanyika kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye kurasa za Facebook, kwenye tovuti za watu wengine na kwenye kumbukumbu za Google. Kila kiungo kinaelekeza kwenye anwani ileile ya zamani. Mwandishi akihamia jukwaa jingine bila anwani hiyo, viungo vyote hubaki vikielekeza alikokuwa.

Wakati mwingine si mwandishi anayeamua kuhama. Posterous, jukwaa lililopendwa sana kwa urahisi wake, lilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kufungwa Aprili 2013. Typepad lilikuwa la kulipia na lilidumu tangu 2003, lakini nalo lilifungwa tarehe 30 Septemba 2025, taarifa ikiwa imetolewa mwezi mmoja tu kabla. Wenye blogu walipewa nafasi ya kupakua makala zao. Waliokuwa na majina yao wenyewe waliweza kuyaelekeza kwenye jukwaa jipya, na wasomaji wakaendelea kufungua anwani ileile. Waliotumia anwani ya kampuni walibaki na faili la makala ambazo hakuna kiungo cha zamani kinachofika. Kulipa, basi, si kinga. Kinga ni kuwa na jina.

Jina la namna hii huitwa kikoa. Hufanya kazi kama namba ya simu inayoweza kuhamishwa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine: wapigaji hawahitaji kujua kwamba kampuni imebadilika. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayeanza blogu si jukwaa lipi lina sura nzuri. Ni jukwaa lipi litakubali jina lake, kwa gharama gani, na litamruhusu kuondoka vipi.

Kwa mwandishi wa kawaida njia zinazofaa kupimwa ni tatu. Blogger, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, ni ya bure kabisa, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuunganisha kikoa chako nayo pia ni bure. Gharama pekee ni ada ya kikoa chenyewe. Upungufu wake ni kwamba mandhari zake ni za kizamani, na haina programu-jalizi za kuongeza kazi mpya. Kwa upande mwingine hana seva ya kulinda wala programu ya kusasisha, na blogu haizimiki siku wasomaji wakimiminika ghafla.

WordPress.com ina sura nzuri zaidi na ni rahisi kutumia. Lakini kwenye kifurushi chake cha bure kampuni huweka matangazo yake, na kikoa chako hakikubaliwi mpaka ulipie kifurushi. Hapo ndipo wengi hujikwaa: huanza bure kwa nia ya kuweka jina baadaye, kisha hukuta kwamba kuweka jina maana yake ni bili ya kila mwaka kwa dola, inayotaka kadi ya benki.

Njia ya tatu inatumia programu yenye jina lilelile, WordPress, ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi tangu 2003. Ni kitu tofauti na WordPress.com, ingawa majina yanafanana kiasi cha kuwapotosha hata wazoefu. Mwandishi huipakua kutoka WordPress.org, au hubonyeza kitufe kimoja kwenye paneli ya kampuni inayokodisha seva, na blogu huwa mikononi mwake yote: faili, hifadhidata, mandhari, programu-jalizi. Uhuru huo una kazi. Programu na programu-jalizi zisiposasishwa huwa mlango wa wezi, na dalili ya kwanza mara nyingi ni msomaji kulalamika kwamba akibofya kiungo anapelekwa kwenye tovuti ya kamari. Nakala za akiba ni jukumu la mwenye blogu. Kampuni nyingi husema zinazo, ila ahadi hiyo haifai kutegemewa peke yake.

Hesabu ya gharama huwa wazi zaidi ikifanywa kwa mfano. Tuseme mwalimu wa Tanga anataka kuandika kuhusu mapishi ya nyumbani kwao, makala mbili kwa mwezi, zenye picha. Tuseme pia kwamba ameona kikoa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka na seva ya kukodi kwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Akitumia Blogger na kikoa chake, miaka mitatu itamgharimu shilingi 90,000. Akitumia WordPress kwenye seva ya kukodi, miaka hiyohiyo itamgharimu 450,000, na bado hajahesabu saa za kusasisha. Tofauti ya 360,000 inalipika ikiwa anahitaji kitu ambacho Blogger haina, kama duka la kuuza vitabu vya mapishi au ukurasa wa wanachama. Kwa makala mbili kwa mwezi hakihitaji.

Bei za kuangaliwa ni za mwaka wa pili. Makampuni mengi huuza mwaka wa kwanza kwa bei ya kuvutia, kisha bei ya kuhuisha huwa mara mbili au tatu. Bei hiyo ya kuhuisha huandikwa, ila kwa herufi ndogo, na ndiyo italipwa kila mwaka. Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, hakina sababu ya kulipiwa na blogu ndogo: Blogger hukiweka yenyewe, na kampuni nzuri za seva hukitoa bure kupitia Let's Encrypt. Kampuni inayokiuza kama huduma ya lazima kwa blogu ya mapishi inastahili kutiliwa shaka.

Kwa aliyeko Tanzania kuna gharama nyingine ambayo haitokani na teknolojia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa ada zilizofikia jumla ya shilingi milioni 2.1 katika mwaka wa kwanza. Kanuni hizo zilitungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022, na msisitizo ukaelekezwa zaidi kwa wanaochapisha habari na matukio. Anayekusudia kuandika habari asome kanuni zinazotumika sasa kabla ya kulipia chochote, kwa sababu ada ya leseni inaweza kuzidi kwa mbali gharama zote za jina na seva.

Kikoa huchaguliwa kwa sehemu mbili: jina lenyewe na mwisho wake. Katika jina, Kiswahili kina mitego yake. Vikoa hukubali herufi, tarakimu na kistari tu. Alama ya ritifaa haikubaliki. Blogu ya wafugaji ikiitwa Ng'ombe Wetu, anwani yake itakuwa ngombewetu, na wasomaji watakaoandika ritifaa kwenye kivinjari hawatafika. Maneno yakiunganishwa bila nafasi, irabu zinazokutana huleta mashaka: mapishiitamu, au mapishitamu? Kistari husaidia jicho lakini huumiza sikio, maana anayeitaja anwani redioni au kwenye simu atalazimika kueleza kila mara kwamba katikati kuna kistari. Kipimo kizuri ni kumtajia mtu jina hilo kwa simu mara moja tu, bila maelezo, kisha kumwomba aliandike. Akikosea, jina lina kasoro.

Jina pia lisiwe finyu kuliko blogu itakavyokuwa. Mwalimu wetu akichagua wali-wa-nazi atabanwa siku atakapoandika kuhusu samaki wa kupaka. Tuchukulie kwamba amechagua mapishiyatanga, ambalo halina irabu pacha wala ritifaa, na linasomeka.

Mwisho wa jina ni suala la nani anausimamia. Miisho kama .com na .org hufuata kanuni za ICANN, shirika la kimataifa lililoundwa mwaka 1998, kwa hiyo taratibu za kuhama kutoka msajili mmoja hadi mwingine zinafanana popote duniani. Miisho ya nchi ina wasimamizi wake na kanuni zake: .ke iko chini ya KeNIC, na .tz ilianzishiwa tzNIC. Kwa anayeandikia wasomaji wa nyumbani, .co.tz au .co.ke ina faida ya kulipwa kwa pesa za simu, kuwa na msajili anayepokea simu kwa Kiswahili, na mara nyingi jina zuri bado halijachukuliwa. Anayeandikia Waswahili walio Muscat, London na Lubumbashi kwa pamoja anaweza kupendelea .com. Miisho ya bure ni ya kuepukwa. Freenom, kampuni iliyogawa bure majina ya .tk, .ml na mengine, iliacha kusajili majina mapya mwaka 2023, na usimamizi wa .ml ukarudi mikononi mwa Mali mwaka huohuo.

Kosa linalorudiwa kuliko yote katika usajili si la kiufundi. Mwandishi humpa kijana anayejua kompyuta kazi ya kumtengenezea blogu, na kijana husajili kikoa kwa barua pepe yake mwenyewe na akaunti yake mwenyewe. Hana nia mbaya; ndiyo njia ya haraka. Miaka miwili baadaye amebadili namba, barua ya kukumbusha malipo inakwenda kwenye sanduku asilolifungua, na mwandishi hana nywila. Kisheria mwenye kikoa ni yule ambaye jina lake liko kwenye usajili, hata kama fedha zilitoka kwa mwingine. Fundi alipwe kwa kazi yake, lakini akaunti ya msajili iwe ya mwandishi, na barua pepe inayotumika isiwe ya kikoa hichohicho. Kikoa kikizimika, barua pepe hiyo nayo huzimika, na ujumbe wa kukifufua hauna pa kufikia.

Jina likishalipiwa, kuliunganisha na Blogger huchukua robo saa ya kazi na saa kadhaa za kusubiri. Mwandishi hufungua `Settings`, kisha `Custom domain`, na kuandika anwani yake ikianza na www. Blogger itakataa mara ya kwanza na kuonyesha ujumbe wa kosa wenye rekodi mbili. Hakuna kilichoharibika. Google inataka uthibitisho kwamba jina ni lako, na rekodi hizo zinatakiwa kunakiliwa kwenye ukurasa wa DNS wa msajili. Ya kwanza ni ileile kwa kila mtu; ya pili hutofautiana kwa kila blogu:

```
www        CNAME   ghs.google.com
ab12cd34   CNAME   gv-xxxxxxxx.dv.googlehosted.com
```

Ili hata anayeacha www afike, huongezwa rekodi nne za aina ya A kwa jina tupu, zenye namba 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Kisha, ndani ya Blogger, huwashwa `Redirect domain` na `HTTPS availability`.

Mambo mawili huharibika hapa. Kwanza, paneli nyingi za wasajili huongeza jina la kikoa zenyewe, hivyo anayeandika www.mapishiyatanga.co.tz kwenye kisanduku cha kwanza badala ya www peke yake huishia na anwani ndefu yenye jina mara mbili. Pili, msajili huwa ameshaweka rekodi yake ya www inayoelekeza kwenye ukurasa wake wa matangazo, na rekodi mbili za namna hiyo haziwezi kukaa pamoja. Ya zamani lazima ifutwe. Njia ya kujua ni kuuliza mtandao wenyewe kwa amri hii, inayokuja na Windows na inayopatikana pia kwa Linux:

```
nslookup www.mapishiyatanga.co.tz
```

Jibu likitaja ghs.google.com, kazi imekwisha na kilichobaki ni kungoja. Likitaja kitu kingine saa 24 baadaye, rekodi zina kosa. Kuanzia siku hiyo anayefungua anwani ya zamani ya blogspot.com hupelekwa moja kwa moja kwenye jina jipya.

Sasa tuseme miaka minne imepita, blogu ina makala 96, na mwalimu anataka duka, hivyo ameamua kuhamia WordPress kwenye seva ya kukodi. Makala hutoka Blogger kwa kubonyeza `Back up content`, na faili linalopatikana huingizwa WordPress kwa programu-jalizi ya kuingiza blogu za Blogger. Kikoa huelekezwa kwenye seva mpya kwa kubadilisha rekodi zilezile za DNS. Kilichobaki ni anwani ya kila makala moja moja. Blogger huzipanga kwa mwaka, mwezi na kichwa, zikiishia na .html, na WordPress inaweza kuamriwa ifuate mpangilio huohuo kwenye `Settings`, kisha `Permalinks`:

```
/%year%/%monthnum%/%postname%.html
```

Hilo hutosha kwa makala nyingi, lakini si zote. Blogger hufupisha vichwa virefu inapotengeneza anwani, na WordPress huweza kuliandika jina refu zima. Kiungo cha zamani hapo huleta ukurasa wa kosa 404. Kwa blogu ya makala 96 dawa ni kukaa na orodha ya anwani za zamani, kufungua moja moja, na kusahihisha zile zisizofunguka. Ni kazi ya jioni mbili. Anayejua mapema kwamba huenda atahama hujisaidia kwa kuandika anwani fupi mwenyewe kwenye kisanduku cha `Permalink` kabla ya kuchapisha kila makala.

Picha ndizo husahaulika. Faili la Blogger lina maneno na viungo vya picha; picha zenyewe hubaki kwenye seva za Google. Baada ya kuhama blogu mpya itaonekana kamili, sahani zote za pilau zipo mahali pake, kumbe bado zinaazimwa kutoka kwa Google. Mwenye blogu akiifuta ile ya zamani kwa kudhani kazi imekwisha, picha zinaweza kupotea. Kujua ni rahisi: bonyeza picha kwa kitufe cha kulia, nakili anwani yake, na utazame kama ina googleusercontent.com ndani yake. Ikiwa nayo, picha bado haijahama. Blogu ya zamani isifutwe. Ifungwe tu kwa wasomaji baada ya picha zote kuhamishwa.

Hali ni tofauti kabisa kwa aliyebaki na anwani ya blogspot.com miaka yote minne. Makala na picha zake zitahama vilevile, lakini Blogger haina njia ya kuiambia Google kwamba anwani ile imehamia moja kwa moja kwenye tovuti nyingine. Wengine hupachika vipande vya msimbo kwenye mandhari ili kumsukuma msomaji, na hufanya kazi nusunusu. WordPress.com, kwa upande wake, inauza huduma ya kuwaelekeza wasomaji kwenye anwani mpya, kwa ada ya kila mwaka, na ada hiyo ikikoma viungo hukoma. Aliyekwishaanza bila jina anunue jina leo na kuliunganisha akiwa bado kwenye Blogger. Google itakuwa na miezi kadhaa ya kuzoea anwani mpya kabla ya kuhama kwenyewe.

Kuhamisha kikoa kutoka msajili mmoja hadi mwingine ni jambo jingine, na halihusiani na jukwaa. Kwa .com mwandishi hufungua kufuli ya kikoa kwenye paneli, huomba msimbo wa uhamisho, na huupeleka kwa msajili mpya. Kwa kawaida haiwezekani ndani ya siku 60 tangu kusajili au tangu uhamisho uliopita. Kusubiri dakika za mwisho za mwaka ili kumkimbia msajili mbaya ni hatari. Wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho panatosha.

Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo inayofaa kuandikwa ukutani. Kikoa cha .com kisipolipiwa huzimika, na msajili anaweza kukishikilia hadi siku 45 akisubiri malipo ya kawaida, ingawa wengine hukiachia mapema. Hufuata siku 30 ambamo kinaweza kukombolewa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kufutwa ambamo hakiwezi kuokolewa tena. Baada ya hapo yeyote anaweza kukinunua, na majina yenye viungo vingi hununuliwa haraka na watu wanaoweka matangazo ya kamari. Miisho ya nchi ina muda wake, mara nyingi mfupi zaidi. Jina linaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo kwa .com, kwa blogu ya kwanza, miaka miwili kwenye Blogger ni mwanzo unaotosha.